Ngazi inayoteleza ukutani: mchoro mmoja, njia tatu, ipi uishike

Picha niliyotumiwa ilipigwa kwa simu, daftari likiwa limelazwa mezani na kivuli cha mkono kikifunika kona moja. Kuna mstari wa wima, ndio ukuta. Mstari wa ulalo, ndio sakafu. Na mstari mrefu wa mshazari, ndiyo ngazi. Kando ya ngazi pameandikwa 6.5 m. Chini ya sakafu, kati ya ukuta na mguu wa ngazi, pana 2.5 m. Mguuni kuna mshale unaoelekea nje, na juu yake 0.3 m/s. Kichwani, pale ngazi inapogusa ukuta, kuna mshale mwingine unaoshuka, na ubavuni mwake alama ya kuuliza.

Swali ni hili: mguu ukivutwa kutoka ukutani kwa kasi hiyo, kichwa kinashuka kwa kasi gani pale mguu unapokuwa mita 2.5 kutoka ukutani?

Mwanafunzi aliyenitumia alikuwa amelifanya mara mbili kwa njia mbili tofauti. Njia moja ilimpa 0.125, nyingine ikampa 0.72. Akataka nimwambie njia ipi ni sahihi. Zote mbili ni sahihi, na ipo ya tatu ambayo hakuijaribu. Kilichokosewa ni hatua moja tu ndani ya mojawapo. Lakini alichouliza kinastahili jibu refu kuliko hilo, kwa sababu njia hizi hazilingani kwa kazi. Kila moja ina mahali inapokuokoa na mahali inapokusumbua.

Kwanza, picha yenyewe inasema nini

Kabla ya kuchagua njia, amua ni kipi kwenye mchoro unakiamini. Mimi naamini maandishi, mishale na alama ya pembe mraba. Siamini urefu wa mistari wala upana wa pembe. Simu ikiinamishwa kidogo, pembe ya nyuzi 90 inaonekana kama ya 80, na hata kabla ya simu, aliyechora hakutumia rula.

Katika picha hii ngazi imechorwa kama iliyoegama nusu kwa nusu, karibu nyuzi 45. Namba zinasema vingine kabisa. Ngazi ya mita 6.5 ambayo mguu wake uko mita 2.5 kutoka ukutani inafika mita 6 juu, kwa kuwa 6.25 na 36 ni 42.25, na hiyo ndiyo 6.5 mara 6.5. Pembe yake na sakafu ni kama nyuzi 67. Hii ni ngazi iliyosimama wima zaidi kuliko inavyoonekana, na tofauti hiyo ndiyo iliyomponza mwanafunzi wangu. Kwa kuuangalia mchoro aliona pande mbili zinakaribiana, akadhani kasi mbili nazo zitakaribiana, na hata 0.72 ilipomtokea hakushtuka.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi. Picha haisogei. Kwenye karatasi, 6.5 na 2.5 ni namba mbili zilizoandikwa kwa kalamu ile ile, kwa ukubwa ule ule, ila moja ni ya kudumu na nyingine ni ya kupita. Ngazi haitarefuka wala kufupika, kwa hiyo 6.5 inabaki 6.5 mwanzo hadi mwisho. Mguu uko mita 2.5 kwa nukta moja tu ya wakati, kisha unaipita. Kwa hiyo mimi huchukua kalamu ya rangi nyingine na kuandika juu ya mchoro: x kwenye umbali wa mguu, y kwenye kimo cha kichwa. Namba 6.5 naiacha ilipo. Namba 2.5 naitoa kwenye mchoro na kuiweka pembeni, pamoja na neno "pale x inapokuwa". Itarudi mwishoni, baada ya kutofautisha.

Na kama maandishi yenyewe yana utata? Kwenye picha yenye kivuli, 6.5 iliyoandikwa katikati ya ngazi na ukuta inaweza kusomwa kama urefu wa ngazi au kama kimo cha kichwa. Ikiwa ni kimo, jibu linageuka kuwa karibu 0.115 badala ya 0.125. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba ukubwa wa jibu hautakuambia umesoma vibaya. Rudi kwa maneno ya swali. Maneno yakikosekana, angalia namba imelala sambamba na mstari upi, kwa maana watu huandika urefu wakifuata mwinamo wa kitu wanachokipima. Hapa 6.5 ilikuwa imeinama na ngazi.

Njia ya kwanza: acha x na y pamoja

Njia hii inaanza na kanuni ya Pithagorasi na kuitofautisha kama ilivyo, bila kumtenga yeyote.

```
x² + y² = 42.25
2x (dx/dt) + 2y (dy/dt) = 0
dy/dt = -(x/y) (dx/dt)
```

Mstari wa pili ndio wote wanapokwama, kwa hiyo tuusogelee. Kutofautisha kwa wakati ni kuuliza: sekunde zikipita, hiki kinabadilika kwa kasi gani? Chukua x² peke yake. Pale x ni 2.5, x² ni 6.25. Baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, mguu umesogea sentimita 3, x imekuwa 2.53, na x² imekuwa 6.4009. Imeongezeka 0.1509 kwa sehemu ya kumi ya sekunde, yaani kama 1.509 kwa sekunde. Sasa tazama kanuni inasemaje: 2 mara 2.5 mara 0.3 ni 1.5. Ukifupisha muda zaidi, ile 1.509 inazidi kuisogelea 1.5.

Hapo unaona kwa nini dx/dt lazima iwepo. Bila 0.3 hakuna kinachosema mguu unakwenda mbio au unatambaa. Anayeandika 2x + 2y = 0 ameshasema kwamba 5 na 12 ni sifuri, na hilo halihitaji mwalimu kulikataa.

Upande wa kulia una sifuri kwa sababu 42.25 haisogei. Ndiyo maana napenda kuusoma mstari huu kama hesabu ya kupeana: kila kinachoongezeka kwenye x² kinatoka kwenye y². Mguu unachukua 1.5 kwa sekunde, kimo lazima kitoe 1.5 kwa sekunde. Kwa kuwa y ni 6, 2 mara 6 mara dy/dt ni -1.5, na dy/dt ni -0.125. Kichwa kinashuka sentimita 12 na nusu kila sekunde, na alama ya hasi inasema kinashuka.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haidai kitu ambacho mchoro haujasema. Haihitaji kujua mguu ulianza wapi, wala kama kasi ya 0.3 itaendelea vile vile baadaye. Inahitaji hali ya wakati huo mmoja tu. Hakuna kipeuo cha pili cha kubeba. Tena ukiulizwa nyongeza, yaani kichwa kinaongeza kasi kiasi gani, unautofautisha ule mstari wa pili mara moja zaidi na umemaliza.

Ubaya wake ni kwamba inamruhusu mtu kuingiza namba mapema. Ukiweka y = 6 kabla ya kutofautisha, unabaki na x² + 36 = 42.25. Ukitofautisha hiyo, unapata 2x(dx/dt) = 0, yaani mguu hausogei. Lakini mshale unasema unasogea 0.3. Mgongano huo ni dalili ya uhakika: umekigandisha kitu kilichokuwa kikisogea. Ndiyo sababu ya ile kalamu ya rangi nyingine.

Kosa la mwanafunzi wangu lilikuwa hapa hapa, ila la aina nyingine. Alipohamisha alipindua sehemu, akaandika y/x mahali pa x/y, na 0.3 mara 6 gawanya kwa 2.5 ni 0.72. Kuna namna ya kulinasa kosa hili bila kurudia hesabu. Mguu ukiwa karibu na ukuta kuliko kichwa kilivyo juu ya sakafu, kichwa kinashuka polepole kuliko mguu unavyokwenda. Fikiria ngazi iliyosimama karibu wima: uuvute mguu kidogo, kichwa kinatikisika tu. Ngazi ikiwa imelala sana, mambo yanageuka. Mpaka kati ya hali hizo mbili ni nyuzi 45, pale x na y zinapokuwa sawa na kasi nazo zinakuwa sawa. Hapa x ni 2.5 na y ni 6, basi jibu lolote linalozidi 0.3 limepinduliwa. Zingatia kwamba jaribio hili linatumia namba. Kwa kuuangalia mchoro lingempotosha, na lilimpotosha kweli.

Njia ya pili: mtenge y kwanza

Hapa unaandika kimo kama kitu kinachotegemea umbali wa mguu, halafu unatumia kanuni ya mnyororo: y inabadilika kiasi gani kwa kila mita ya x, mara x inabadilika kiasi gani kwa kila sekunde.

```
y = √(42.25 - x²)
dy/dx = -x / √(42.25 - x²)
dy/dt = (dy/dx)(dx/dt)
```

Weka x = 2.5. Chini ya kipeuo inabaki 36, kipeuo chake ni 6, dy/dx ni -2.5 gawanya kwa 6, karibu -0.417. Zidisha kwa 0.3 unapata -0.125 ile ile.

Wanafunzi wengi huipenda njia hii kwa sababu inafanana na walichozoea: y upande mmoja, mengine yote upande wa pili. Sina ugomvi na hilo. Ila nikilinganisha kwa haki, inalipia mazoea hayo kwa kazi zaidi. Kutofautisha kipeuo cha pili kunahitaji kanuni ya mnyororo mara moja kwa ajili ya kilichomo ndani, kisha mara ya pili kwa ajili ya wakati. Nimesahihisha kazi nyingi ambazo alama ya hasi kutoka kwenye -x² ilipotelea katikati ya mnyororo, na kichwa cha ngazi kikapanda ukuta.

Kuna pia mtego unaojificha. Baadhi huenda mbali zaidi na kuandika x = 2.5 + 0.3t, wakapata y yenye t peke yake, wakatofautisha na kuweka t = 0. Jibu linatoka sahihi. Lakini wameongeza dai ambalo mchoro haukulitoa, kwamba kasi ya mguu ni 0.3 daima. Swali likisema "kasi ya mguu kwa wakati huo ni 0.3", hiyo t haina haki ya kuwepo. Kasi ya kichwa kwa wakati huo bado itatoka sawa, kwa sababu inategemea 0.3 ya wakati huo tu. Nyongeza ya kasi haitatoka sawa, kwa sababu inategemea pia kama mguu unaharakishwa.

Sasa sifa yake. Ikiwa swali limesema wazi kwamba kasi haibadilikabadiliki, na linakutaka ufuatilie safari nzima, njia ya pili haina mpinzani. Unapata kimo kwa kila sekunde bila kuanza upya. Na hata usipoitumia kujibu, itumie kuhakiki. Baada ya sekunde 0.1, x ni 2.53, na y ni kipeuo cha 35.8491, karibu 5.98741. Kichwa kimeshuka 0.01259 kwa sehemu ya kumi ya sekunde, wastani wa 0.1259 kwa sekunde. Baada ya sekunde nzima, x ni 2.8, y ni 5.866, na wastani ni 0.134. Wastani unapungua kuelekea 0.125 kadiri muda unavyofupishwa, na unatoka upande wa juu kwa sababu kichwa kinazidi kuharakisha. Kikokotoo cha kawaida kinatosha kwa hilo, na ni uhakiki ambao hautegemei kanuni yoyote ya kutofautisha.

Njia ya tatu: pembe

Ita θ pembe ya ngazi na sakafu. Umbali na kimo vyote vinatoka humo.

```
x = 6.5 cos θ      dx/dt = -6.5 sin θ (dθ/dt)
y = 6.5 sin θ      dy/dt =  6.5 cos θ (dθ/dt)
```

Angalia kwamba 6.5 sin θ ni y yenyewe, na 6.5 cos θ ni x. Kwa hiyo mistari hiyo miwili inafupika: 0.3 = -6(dθ/dt), na pembe inapungua radiani 0.05 kwa sekunde. Kisha dy/dt = 2.5 mara -0.05, ambayo ni -0.125. Ukihitaji nyuzi, 0.05 ya radiani ni kama nyuzi 2.9 kwa sekunde.

Kwa swali lililo kwenye picha yetu, huu ni mzunguko. Umekwenda kwenye pembe na kurudi, wakati hakuna aliyekuuliza pembe. Isitoshe, pembe huja na masharti yake. Kanuni za kutofautisha sini na kosini ni za radiani, kwa hiyo 0.05 ukiisoma kama nyuzi umekosea kwa zaidi ya mara 57. Na lazima uone mchoraji ameweka kitao cha pembe wapi. Kikiwa chini sakafuni, pembe inapungua. Kikiwa juu, kati ya ngazi na ukuta, pembe ile inaongezeka kwa 0.05 hiyo hiyo. Kwenye picha iliyokatwa juu, kitao cha juu ndicho cha kwanza kupotea.

Hata hivyo nisingependa mtu aiache bila kuona inavyoonekana kwenye mchoro. Chukua ile kalamu ya rangi. Kutoka mguuni panda wima, kutoka kichwani enda ulalo, mpaka mistari miwili ikutane. Umekamilisha mstatili, na ngazi ni mshazari wake. Kona hiyo mpya ndiyo ngazi nzima inaizunguka kwa nukta hiyo ya wakati. Mguu unakwenda ulalo, kwa hiyo kitovu cha mzunguko wake lazima kiwe wima juu yake. Kichwa kinakwenda wima, kwa hiyo kitovu lazima kiwe usawa wake. Mahali pekee panapotimiza yote mawili ni kona ile. Kutoka konani hadi mguuni ni mita 6, hadi kichwani ni mita 2.5. Mguu ulio mita 6 unakwenda 0.3, basi mzunguko ni 0.05, kichwa kilicho mita 2.5 kinakwenda 0.125. Mistari miwili ya kalamu, na jibu liko mbele yako. Tena unaona kwa macho kwa nini ni x/y na si y/x: kilicho karibu na kitovu kinakwenda taratibu.

Mahali pembe inaposhinda kabisa ni pale mchoro unapokupa pembe badala ya umbali. Tuseme chini ya sakafu hapakuandikwa 2.5 m, ila kwenye kona ya mguu pameandikwa nyuzi 60. Ukigawanya mistari miwili ya juu, dθ/dt inakatika na 6.5 nayo inakatika:

```
dy/dt = -(cos θ / sin θ)(dx/dt)
```

Kwa nyuzi 60 hiyo ni karibu -0.577 mara 0.3, yaani -0.173. Urefu wa ngazi haukuhitajika. Ngazi ya mita 3 na ya mita 10, zikiwa zimeegama kwa pembe moja na miguu yake ikivutwa kwa kasi moja, vichwa vyake vinashuka kwa kasi moja. Ukipata picha ambayo urefu wa ngazi hausomeki ila pembe inasomeka, bado una swali linalojibika, mradi hukuulizwa kasi ya pembe yenyewe.

Basi ipi?

Mimi naangalia alama ya kuuliza imekaa wapi kwenye mchoro, na namba zilizopo ni za nini. Ikiwa namba ni umbali na kasi, na swali ni kasi ya kichwa kwa wakati mmoja, nashika njia ya kwanza bila kusita. Ina hatua chache, na makosa yake yanajitangaza. Ikiwa kuna pembe popote, iwe iliyotolewa au inayoulizwa, naenda moja kwa moja kwenye pembe. Anayeanza na Pithagorasi hapo ataishia kutafuta sini na kosini tu, ila akiwa amechelewa. Njia ya pili naiweka kwa maswali ya "baada ya sekunde ngapi" na kwa uhakiki wa kikokotoo, na siitumii kama chaguo la kwanza hata kama ndiyo inayozoeleka darasani.

Kuna jambo moja ambalo njia zote tatu zinashindwa kwa pamoja, na mwanafunzi wangu alilifikia mwenyewe. Baada ya kurekebisha ile sehemu iliyopinduka, aliniandikia: "Mwalimu, nimeweka x ya 6.49, kichwa kinashuka zaidi ya mita 5 kwa sekunde. Nimekosea tena?"

Hakukosea. Kwa x = 6.49, y ni karibu 0.36, na dy/dt ni karibu -5.4. Kwa x = 6.499 inafika -17. Kadiri y inavyokaribia sifuri, x/y inakua bila kikomo. Hesabu imefuata kwa uaminifu sharti tulilolipa, kwamba kichwa kinagusa ukuta hadi mwisho. Sharti lenyewe ndilo linalovunjika. Ukuta unaweza kuisukuma ngazi lakini hauwezi kuivuta, na inafika mahali uzito wa ngazi hautoshi kukishusha kichwa kwa kasi ambayo mlinganyo unaidai.

Kwa ngazi nyembamba yenye uzito uliogawanyika sawa, ukuta usio na msuguano, na mguu unaovutwa kwa 0.3 bila kubadilika, ukilinganisha mzunguko unaodaiwa na ule ambao uzito pekee unaweza kuuleta unapata kwamba kichwa kinaachana na ukuta kimo kikiwa karibu sentimita 64. Wakati huo kinashuka kama mita 3 kwa sekunde. Kuanzia hapo x² + y² = 42.25 haielezi tena ngazi hii, kwa sababu kichwa hakiko ukutani. Swali letu, lenye kimo cha mita 6, liko mbali na eneo hilo. Lakini swali lolote la ngazi linalokuuliza kasi ya kichwa "pale kinapogusa sakafu" linakuuliza kitu ambacho mchoro hauwezi kukijibu, hata ukiwa umesomeka vizuri namna gani.